Juisi ya kranberi na UTI ya kujirudia

"UTI inanirudia kila baada ya miezi miwili. Juisi ya kranberi itaimaliza?"

Dada, haiponyi maambukizi yaliyokwisha kuanza, ila hupunguza uwezekano wa kurudi: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa kwa wanawake wanaosumbuliwa mara kwa mara hatari ilishuka kwa takriban robo, pengine kwa sababu kranberi huwazuia bakteria kunata kwenye ukuta wa kibofu. Kwa wajawazito faida haikuonekana. Mchangiaji mwingine aliyekujibu kwamba juisi hii inatosha peke yake amepatia nusu tu, kwani kwako wewe mkojo ukianza kuchoma inafaa bakteria waliomo waoteshwe maabara ili ichaguliwe antibiotiki inayofaa, na ukipata homa, kutapika au maumivu ya mgongoni chini ya mbavu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwulize daktari kwanza.