Mita inasoma volti 5.4, globu haiwaki: jibu kwa mwalimu wa Mpwapwa

Mbukwenyi wasomaji wangu.

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa sayansi huko Mpwapwa. Baada ya shikamoo, kaandika hivi: "Mwalimu, nimeunga ndimu sita kwa mfuatano, kila moja ina msumari wa bati na kipande cha waya wa shaba. Mita inasoma 5.4. Globu ya tochi ni ya volti 2.5 tu, lakini haiwaki hata kidogo. Nikaongeza ndimu zikafika kumi na mbili, bado. Darasa zima limenicheka. Nifanyeje? Halafu, betri ya sola ya shule nayo imeanza kunizingua."

Pole, mdogo wangu. Kuchekwa nakujua, nitakusimulia. Lakini kwanza tumalize habari ya ndimu.

Mita yako haisemi uongo. Msumari wa bati umepakwa zinki, na zinki na shaba ndani ya ndimu hutoa karibu volti 0.9. Zidisha kwa sita, unapata 5.4. Tatizo ni kwamba mita ya kidijitali ikipima volti haichoti karibu chochote, kwa sababu ukinzani wake kwa kawaida ni omu milioni 10. Globu yako inataka mkondo wa miliampea 300 hivi. Mita inauliza bei, globu ndiyo inayotaka mzigo.

Fanya hivi. Chukua ndimu moja, ipime ikiwa huru: tuseme 0.90. Sasa weka rezista ya omu 1000 kati ya shaba na msumari, upime tena bila kuitoa. Kwa msumari na waya mwembamba usishangae kuona imeshuka hadi 0.36. Volti 0.36 kwenye omu 1000 ni miliampea 0.36. Zile 0.54 zilizopotea zimeliwa ndani ya ndimu yenyewe, na ukizigawa kwa mkondo huo unapata omu 1500. Huo ndio ukinzani wa ndani wa seli yako. Ndimu sita kwa mfuatano ni omu 9000, kwa hiyo hata ukizigusisha ncha zake moja kwa moja kwa waya hupati zaidi ya miliampea 0.6. Globu inataka mara 500 ya hapo. Na ulipofikisha kumi na mbili, volti zimekuwa maradufu na ukinzani nao maradufu: miliampea ni zilezile 0.6. Hata ungenunua ndimu zote za Soko la Majengo!

Weka ledi nyekundu badala ya globu, mguu mrefu upande wa shaba. Yenyewe inaridhika na volti 1.8 hivi, na kwa zilizobaki itapata kama miliampea 0.4. Funga madirisha, itaonekana. Ukitaka mkondo zaidi, acha misumari. Tumia mabamba mapana ya zinki na shaba, yakae karibukaribu bila kugusana.

Mimi nilianza kufundisha shule ya kata moja upande wa Bahi, shule isiyokuwa na maabara wala kabati la maabara. Kiangazi ndimu zilikuwa ghali, nikatumia ukwaju. Niliuloweka, nikauchuja, nikaugawa kwenye vikombe vya plastiki, na kila kundi la wanafunzi likaja na vyuma vyake: waya wa shaba, msumari wa kawaida, msumari wa bati, kipande cha sufuria. Siku hiyo akaingia mkaguzi. Akanusa, akatazama vikombe, akauliza mbele ya wanafunzi kama hili ni somo la sayansi au la mapishi. Wakacheka, na yeye akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake akaenda zake. Miaka imepita na bado nikiona ukwaju namkumbuka.

Angekaa dakika kumi tu angeona nilichokuwa nakifanya. Shaba na zinki kwenye ukwaju zilitoa 0.95 hivi. Shaba na msumari wa kawaida, yaani chuma, karibu 0.5. Chuma na zinki, karibu 0.45. Binti mmoja wa nyuma, ambaye siku zote alikuwa kimya, akasema: "Mwalimu, hizo mbili ukizijumlisha unapata ile ya kwanza." Ndiyo! Kila metali ina kiasi chake cha utayari wa kuachia elektroni. Zinki iko tayari sana, chuma kiasi, shaba kidogo. Volti ni pengo kati ya metali mbili, na pengo la zinki hadi shaba ni la zinki hadi chuma ukijumlisha na la chuma hadi shaba. Tulipotumbukiza shaba na shaba, mita ikasoma sifuri. Tukabadilisha ukwaju kwa siki, kisha kwa juisi ya zabibu mbichi: volti zikatikisika kidogo tu, kilichobadilika hasa ni mkondo.

Kipande cha sufuria kilitusumbua. Kwa vitabu, alumini ingepaswa kuishinda zinki, lakini kwetu ilitoa kama 0.5 tu na shaba. Alumini hujivika utando mwembamba mgumu wa oksidi mara inapogusa hewa, na utando huo unaizuia. Ukiikwangua, volti hupanda kisha hushuka tena. Na msumari wa bati ukianza kusoma kama chuma, 0.5 badala ya 0.9, uangalie: zinki yake imekwisha.

Neno "imekwisha" ndilo nataka ulishike. Ndimu haitoi umeme kwa uchachu wake. Kinacholiwa ni zinki. Inaachia elektroni zipite kwenye waya, na yenyewe inayeyuka kuingia kwenye maji ya ndimu. Upande wa shaba, hidrojeni ya asidi inazipokea elektroni hizo na kuwa gesi, ndiyo yale mapovu madogo. Mapovu yakiigandamia shaba, mkondo hushuka, na ukiitikisa shaba hupanda kidogo.

Sasa tuje kwenye mawe ya redio, kwa sababu najua wanafunzi wako watauliza. Nani kati yetu hakukulia kwenye nyumba ambayo mawe yaliyochoka yanaanikwa juu ya bati? Babu yangu alikuwa anayapanga kwa safu asubuhi, na jioni redio inazungumza tena, kwa muda. Jua la Dodoma halikuyachaji. Jiwe la kawaida ni kopo la zinki, katikati kuna fimbo ya kaboni, na kati yao uji mweusi wenye oksidi ya manganizi, ambayo kazi yake ni kupokea elektroni ili mapovu yale yasijikusanye. Joto na mapumziko hufanya vitu vilivyosongamana ndani ya uji visambae, ukinzani wa ndani unashuka, na kile kidogo kilichobaki kinatoka. Hakuna zinki mpya hata chembe. Nilimweleza babu, akasema redio imewaka au haijawaka? Sikubishana.

Lakini kwa nini usiyachaji kwa umeme, urudishe zinki mahali pake? Wengi wamejaribu, na jiwe likavuja au likapasuka. Zinki iliyoyeyuka imeshahama, imejichanganya na chumvi za ule uji na kuwa fuwele zisizorudi kirahisi. Ile kidogo inayorudi haijengi upya ukuta wa kopo, inaota kama sindano. Manganizi nayo imeshageuka. Umeme unaousukuma unaishia kutengeneza gesi ndani ya kopo lililofungwa. Kwa hiyo usichaji jiwe la kawaida, hata mara moja, hata kwa kujaribu.

Betri ya sola ya shule yenu ni hadithi nyingine, na hapa ndipo nilipopata furaha yangu. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté aliweka mabamba mawili ya risasi kwenye asidi ya salfuriki. Risasi na risasi! Kwa kanuni ya vikombe vyetu, sifuri. Akapitisha umeme kutoka nje. Bamba moja likageuka kahawia, oksidi ya risasi, na lingine likabaki risasi tupu. Sasa ni vitu viwili tofauti, na pengo lake ni volti 2.

Nilirudia jaribio hilo mbele ya walimu wenzangu mwezi uliopita: vipande viwili vya risasi, asidi ya betri kwenye chupa ya glasi, mawe manne kwa mfuatano kama chaja kwa dakika chache. Nikatoa mawe, nikaunga globu ileile ya volti 2.5. Ikawaka! Ikafifia baada ya muda mfupi, nikachaji tena, ikawaka tena. Natamani yule mkaguzi angekuwepo, sitaficha. Ukilifanya, lifanyie nje kwa sababu linatoa hidrojeni, vaa miwani, wanafunzi wakae mbali na asidi, na nawa mikono vizuri, risasi ni sumu.

Siri yake ni hii. Betri ya risasi inapotumika, mabamba yote mawili yanageuka kuwa salfeti ya risasi, na salfeti hiyo haiyeyuki. Inabaki palepale kwenye bamba ilipozaliwa. Pengo linapungua kwa sababu mabamba yanaanza kufanana, na ukirudisha umeme kinyume kila upande unarudi ulivyokuwa, kwa kuwa hakuna kilichohama. Ila ukiiacha tupu kwa wiki nyingi, kama shule zifanyavyo wakati wa likizo, salfeti inakomaa kuwa fuwele kubwa ngumu, na hizo chaja haziwezi tena. Jamani walimu wakuu, kabla ya kufunga shule zimeni taa, lakini paneli iacheni imeungwa na kidhibiti chake kwenye betri!

Yako ichunguze asubuhi kabla ya jua, taa zote zikiwa zimezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.7, na 12.2 ni kama nusu. Ikisoma karibu 10.5 hata baada ya siku nzima ya jua, yaelekea seli moja kati ya sita imekufa. Kama inapanda haraka hadi 14 mchana halafu inaanguka mara tu unapowasha taa, hiyo ni salfeti iliyokomaa. Nasema tena kama nilivyosema kwenye ndimu: usipime ikiwa huru tu. Pima, washa taa, subiri dakika kumi, pima tena taa zikiwa zinawaka, uniandikie namba zote mbili.