Mkopo wa ada kazini na kodi yake: kwa wanaoanza meza ya mishahara

Ukikabidhiwa meza ya mishahara Tanzania Bara, Januari ndiyo mwezi utakaokufundisha haraka. Shule zinafunguliwa, barua za kuomba mkopo zinapangana mezani, na mkurugenzi anaidhinisha kwa sababu hakuna anayetaka mtoto wa mfanyakazi arudishwe nyumbani. Fedha zinatoka na makato yanaanza. Swali ambalo wageni wengi hawalijui mpaka mkaguzi wa TRA aliulize ni hili: je, mkopo huo una kodi?

Tuanze na kinachotozwa. Mkopo wenyewe si kipato, kwa kuwa mtu aliyekopa milioni mbili anadaiwa milioni mbili. Kinachohesabiwa kuwa faida ya ajira ni riba ambayo hakuilipa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 27, inakutaka ulinganishe riba ambayo angelipa kwa kiwango cha kisheria cha mwaka huo na riba aliyolipa kweli. Tofauti ndiyo faida, na ndiyo unayoiingiza kwenye PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kiwango hicho kinatokana na Benki Kuu, hivyo usichukue riba ya benki mliyoifungulia akaunti ya kampuni, ambayo kwa kawaida iko juu zaidi na itamkata mfanyakazi kodi asiyodaiwa.

Lakini kabla ya kupiga hesabu yoyote, kuna mlango wa msamaha, na mikopo mingi ya ada na ya dharura hupita hapo. Faida ni sifuri kama mkopo umetolewa na mwajiri mwenyewe, muda wake ni chini ya miezi kumi na miwili, na jumla ya mkopo huo pamoja na mikopo mingine ya aina hiyo aliyokuwa anadaiwa wakati wowote ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita haizidi mshahara wake wa msingi wa miezi mitatu. Isome sentensi hiyo taratibu, hata mara mbili, maana kila kipande kina mtego wake.

Mtego wa kwanza ni mshahara wa msingi. Chukua fundi mwandamizi wa karakana ambaye msingi wake ni shilingi 900,000, na posho za nyumba na usafiri ni 300,000. Kwenye silipu yake namba inayoonekana kubwa ni 1,200,000, na mgeni huizidisha mara tatu akapata 3,600,000. Kikomo chake halisi ni 2,700,000. Nimeona fomu za mikopo za kampuni zilizochapwa "mara tatu ya mshahara" bila kusema mshahara upi. Fomu ya namna hiyo irekebishwe, kwa sababu afisa rasilimali watu ataijaza kwa nia njema na wewe ndiye utakayebeba hesabu.

Mtego wa pili ni muda. Watu huhesabu makato, sheria inahesabu muda. Mkopo uliotolewa tarehe 5 Januari na kukatwa mara kumi na mbili, kuanzia mwisho wa Januari mpaka mwisho wa Desemba, umemalizika kabla ya mwaka kutimia. Mkopo huohuo, makato kumi na mawili yaleyale, ukianza kukatwa mwisho wa Februari, unaishia mwisho wa Januari ya pili na umetoka nje ya msamaha. Kwa hiyo andika kwenye mkataba tarehe ya kutoa na tarehe ya kato la mwisho. Mimi hupendekeza makato kumi: yanaacha nafasi ya mwezi mmoja mtu akiomba asikatwe kwa sababu ya msiba. Akiomba kusogezewa mpaka muda uvuke mwaka, hapo mimi naandika makubaliano mapya na kuanza kuhesabu faida. Sisubiri mkaguzi aniambie.

Mtego wa tatu ndio unaowanasa hata wazoefu, na hapa turudi kwa fundi wetu.

Mwanzoni mwa Januari anakopa 2,400,000 za ada, bila riba, kato 240,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Iko chini ya 2,700,000, iko chini ya mwaka, hakudaiwa kitu kabla. Faida ni sifuri. Mwishoni mwa Juni, mishahara ikiwa imeshalipwa, mama yake analazwa na anaomba 600,000 za dharura, atakazorudisha kwa makato sita ya 100,000, Julai mpaka Desemba. Unafungua daftari: makato sita yameshapita, salio la ada ni 960,000. Ukijumlisha na 600,000 unapata 1,560,000, mbali kabisa na kikomo. Unataka kusaini.

Sheria haiulizi salio la leo. Inauliza alichodaiwa wakati wowote ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita, na Januari alidaiwa 2,400,000. Ongeza 600,000 unapata 3,000,000, umevuka. Mkopo wa ada unabaki salama, kwa kuwa ulipimwa siku ulipotolewa. Huu wa pili ndio unaohesabiwa. Na kama mtu atakwambia ada na hospitali si mikopo ya aina moja, sikushauri ujenge kinga yako juu ya hoja hiyo: mkopaji ni yuleyule, mwajiri ni yuleyule, masharti ni yaleyale.

Sasa tupige hesabu. Kwa mfano tu, tuchukue kiwango cha kisheria kuwa asilimia 6 kwa mwaka, yaani nusu ya asilimia kwa mwezi. Wewe utaweka kiwango kilichotangazwa kwa mwaka wako. Julai anadaiwa 600,000, faida ni 3,000. Agosti anadaiwa 500,000, faida 2,500. Inashuka hivyo mpaka Desemba, anapodaiwa 100,000 na faida ni 500. Jumla ya miezi sita ni 10,500. Kipato chake baada ya kutoa mchango wa NSSF wa 120,000 ni 1,080,000, hivyo kwa jedwali ninalolitumia, ambalo kiwango cha juu kinaanza pale kipato kinapozidi milioni moja, kila shilingi inayoongezeka inatozwa asilimia 30. PAYE ya Julai inapanda kwa 900, ya Desemba kwa 150. Mkopo mzima umemgharimu shilingi 3,150 za kodi.

Namba hiyo ni ndogo, na nimeiweka makusudi. Wapo wahasibu ambao, wakisikia mkopo una kodi, humshauri mkurugenzi akatae. Ni kumnyima mtu msaada wa laki sita kwa kuogopa elfu tatu. Kazi yako ni kuihesabu na kuionyesha kwenye silipu, basi.

Kosa jingine linatokana na ushauri unaosikika wa busara: "Tuweke riba kidogo ili kodi ipungue." Piga hesabu kwanza. Tuseme mtu amekopa 6,000,000 kwa miezi ishirini na minne, kato 250,000. Bila riba, kwa asilimia 6 ileile na salio linaloshuka, faida ya miaka miwili ni 375,000 na kodi yake kwa asilimia 30 ni 112,500. Ukimtoza asilimia 2, faida inashuka hadi 250,000 na kodi inakuwa 75,000. Ameokoa 37,500 za kodi, ila ameilipa kampuni riba ya 125,000. Kodi ni sehemu tu ya riba asiyolipa, kwa hiyo kwa mfanyakazi mkopo usio na riba ni nafuu siku zote, hata ukiwa na kodi. Kampuni ikitaka riba kwa sababu zake, sawa, lakini isiseme inamsaidia.

Kwenye jedwali lako la Eksel, au mfumo wowote mnaotumia, kuna sehemu mbili za kuangalia. Faida ya mkopo huongezwa kwenye kipato kinachotozwa kodi, lakini haiongezwi kwenye fedha anazolipwa. Ukiona mshahara wa mkononi umepanda kwa 3,000 mwezi wa Julai, umeiweka safu isiyo yake. Kato la mkopo nalo huja baada ya PAYE. Mgeni akilitoa kabla, kipato cha fundi kinashuka kwa laki na kodi inapungua kwa zaidi ya elfu ishirini, na upungufu huo TRA wataudai kwa mwajiri, kwa kuwa PAYE ni jukumu lake kuizuia na kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Makato ya SACCOS yatakuwa jirani kwenye silipu hiyohiyo; usiyachanganye, fedha zile ni za chama chao.

Kama makao makuu yenu yako Nairobi na wamewatumia kielelezo chao cha mishahara, usikijaze hivyohivyo. Kenya mzigo huu ni wa mwajiri: analipa kodi yake mwenyewe ya asilimia 30 juu ya tofauti ya riba, kwa kiwango cha soko kinachotangazwa na KRA, na mfanyakazi haioni kwenye silipu. Huku kwetu inapita kwenye PAYE ya mfanyakazi. Ukitumia kielelezo chao, faida haitatokea popote.

Mkaguzi anapokuja haanzi na mikataba. Anachukua akaunti ya madai kwa wafanyakazi kwenye leja, anaiweka kando ya safu ya makato, anatafuta salio lisilosogea. Mkopo wa Januari ambao mpaka Septemba haujakatwa hata mara moja anauona kama malipo yaliyovalishwa jina la mkopo. Linganisha salio hizo kila mwezi, na hakikisha kila mkopo una ridhaa ya maandishi ya kukatwa, ambayo sheria ya ajira nayo inaidai.

Mfanyakazi akiacha kazi akiwa na deni, na mkurugenzi akasema "mwachieni tu," hapo hesabu inabadilika kabisa. Deni lililosamehewa linakuwa malipo ya ajira lote, si riba yake. Kwa fundi wetu, kusamehewa 600,000 ni kodi ya 180,000 katika mwezi huohuo, na inabidi itoke kwenye mafao yake ya mwisho kabla hajayachukua. Mwambie mkurugenzi namba hiyo kabla hajasaini barua.