Usimwambie Mjuzi Aandike Anachojua

Mfanyakazi mzoefu anapokaribia kuondoka, ofisi nyingi humwambia aandike kila anachokijua kuhusu kazi yake. Nimepokea hati za aina hiyo, na karibu zote hurudia hatua ambazo tayari zimo kwenye mwongozo. Kile kilichofanya watu wamkimbilie mambo yakikwama hakimo. Si kwamba amekificha. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliandika mwaka 1966 kwamba tunajua mengi kuliko tunayoweza kuyasema, na ukimpa mtu karatasi, ataandika yale yanayosemeka tu.

Nichukue kazi ninayoifahamu, ya kulipa ankara za wasambazaji. Maarifa yake bayana hufundishika upesi: linganisha oda ya manunuzi, hati ya kupokelea mzigo na ankara yenyewe, zikikubaliana, lipa. Mfumo wa kompyuta nao hukataa namba ya ankara iliyokwisha kuingizwa kwa msambazaji yuleyule. Hata hivyo ankara moja huweza kulipwa mara mbili, hasa ya huduma isiyo na oda, kwa kuwa hapo hakuna cha kulinganisha. Nakala ya pili huingizwa kama 457 badala ya 0457, au msambazaji amesajiliwa mara mbili kwa tahajia tofauti, na kompyuta huona madeni mawili.

Mama mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akizinasa nakala hizo kabla hazijalipwa. Ukimuuliza, "Mama, umejuaje?" alijibu, "Naona tu, mwanangu." Lilikuwa jibu la kweli. Hayo ndiyo maarifa fiche: yapo, yanafanya kazi, ila mwenyewe hana maneno yake.

Kilichosaidia ni kuacha kumuuliza kuhusu kazi kwa ujumla. Tulichukua ankara alizowahi kuzizuia, tukazichanganya na za kawaida, akazipitia moja moja mbele ya kijana atakayeirithi meza yake. Maswali ya kijana yalihusu karatasi iliyo mkononi. Jicho lako limeanzia wapi? Nini kingebadilika hapa usingeshtuka? Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mama hakuanza na namba ya ankara. Alianza na kiasi. Jumla isiyo ya mviringo, yenye senti zake, hujirudia kwa nadra sana. Akiiona tena kwa msambazaji yuleyule, huitafuta ya kwanza. Mwenyewe hakuwahi kulisema hilo.

Sasa tulikuwa na kitu cha kuandika: kabla ya kuingiza ankara, tafuta kiasi chake kwenye malipo ya miezi mitatu iliyopita. Lakini kijana alipoanza kuitumia kanuni hiyo, alizuia pango na ada zote za kila mwezi, kwa sababu hizo hurudi na kiasi kilekile. Mama, aliyekuwa ameketi pembeni yake, alimwonyesha kwamba kwa malipo hayo hutazama mwezi wa huduma, wala si tarehe ya ankara. Jambo hilo halikutoka alipokuwa akifanya kazi yeye. Lilitoka alipomwona mwingine akiifanya vibaya. Kwa hiyo nashauri sana mbadilishane viti mapema: mgeni afanye, mjuzi atazame, na muda huo usikatwe hata kazi ikirundikana.

Julian Orr, mwanaanthropolojia aliyechunguza mafundi wa mashine za kunakili wa Xerox, aliona jambo la jamaa moja na hili. Miongozo haikuwatosha, mafundi walipeana ujuzi kwa kusimuliana visa vya mashine zilizowasumbua. Baadaye kampuni hiyo ilijenga mfumo ulioitwa Eureka, ambamo fundi huandika dokezo, mafundi wenzake wakalihakiki, na jina lake likabaki pale. Uhakiki huo ni muhimu, maana dokezo lisilopimwa na wenye kazi hueneza kosa haraka kama linavyoeneza ujuzi.

Lakini kunasa nakala bado si shirika kujifunza. Chris Argyris, mtaalamu wa namna mashirika yanavyojifunza, alitofautisha kurekebisha kosa na kuuhoji utaratibu unaolizaa. Kwetu swali la pili lilikuwa: kwa nini nakala zinakuja tangu mwanzo? Mama alikuwa na jibu, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Ankara zililala mezani zikisubiri saini, msambazaji akadhani yake imepotea, akatuma nyingine. Tulianza kumjulisha kila msambazaji siku ankara yake inapopokelewa na tarehe ya kutarajia malipo, na nakala zikapungua waziwazi.

Kuna ujuzi wake ambao hatukuweza kuuandika, kwa mfano kuhisi kwamba barua ya kubadili akaunti ya benki haifanani na namna msambazaji yule anavyoandika. Hapo tuliandika hatua tu: piga simu kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu zamani, usitumie iliyo kwenye barua.