Barua kwa mwanangu: andika kabla hujanunua

"Mama, juzi uliniambia niandike sababu kila ninaponunua hisa. Lakini apu ya wakala tayari inaweka tarehe, idadi na bei, na sababu naikumbuka mwenyewe. Daftari litanisaidia nini zaidi?"

Mwanangu,

Bei na tarehe utazipata kwenye apu hata baada ya miaka kumi. Sababu je? Hiyo iko kichwani tu, na kichwa huibadilisha bila kukuomba ruhusa. Sisemi hivi kwa kusikia. Ninalo daftari langu la 2016 hapa mezani, lile la shule la kurasa 96 lenye jalada lililoliwa na panya tulipokuwa Buruburu, na nitakunakilia ukurasa mmoja jinsi ulivyo.

"8 Agosti 2016. Nanunua hisa 500 za benki kwa shilingi 38. Sababu: mgao wa faida wa mwaka jana ulikuwa shilingi 2 kwa hisa, na naamini utabaki hapo. Hofu: mswada wa kubana riba za mikopo umefika kwa Rais. Sidhani atautia sahihi, maana majaribio ya nyuma ya kubana riba yalikwama. Nafasi ya kuusaini: 3 kati ya 10. Akisaini, faida ya benki itabanwa na bei itaanguka. Nitauza mgao ukipunguzwa, si kwa sababu ya bei."

Jina la benki nimelificha kwa makusudi; benki yenyewe haikukosa lolote. Wabunge walikuwa wamepitisha mswada huo mwishoni mwa Julai. Tarehe 24 Agosti Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi, na riba ya mkopo ikafungwa isizidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya alama nne. Wakati huo ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 10.5, kwa hiyo mkopo haungeweza kupita 14.5. Hisa za benki zikaporomoka. Kwenye Soko la Hisa la Nairobi bei ya hisa hairuhusiwi kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja, na bila kizuizi hicho sijui siku ile ingeishia wapi.

Sasa sikiliza kilichofuata kwenye chama chetu cha akina mama. Mwezi Septemba kila mama alikuwa anasema ilijulikana Rais angesaini: uchaguzi wa 2017 unakaribia, wananchi wanalia na mikopo, angekataa vipi? Nami nilitikisa kichwa nikikubali. Kufikia Krismasi nilikuwa nikiwaambia watu, kwa dhati kabisa, kwamba nilihisi atasaini ila nikajitia ukaidi. Sikuwa nadanganya. Ndivyo nilivyokumbuka. Januari 2017 nikauza zote kwa shilingi 27, nikaapa kutonunua tena hisa za benki wakati Bunge lina kelele. Nilikuwa nimetoa 19,000, nikapata 13,500. Ukiongeza ada za wakala na tozo za pande zote mbili, karibu shilingi mbili kwa kila mia, nilipoteza kama 6,150.

Nilifungua daftari Aprili, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nikasoma "3 kati ya 10" kwa mwandiko wangu mwenyewe. Huo si mwandiko wa mtu aliyehisi kwamba atasaini! Halafu nikasoma mstari wa mwisho, ndio ulionichoma zaidi. Nilikuwa nimeandika nitauza mgao ukipunguzwa. Mwezi Machi benki ilikuwa imetangaza mgao uleule wa shilingi 2, na mimi sikuwa tena na hisa za kuupokea. Mwisho wa mwaka bei ilikuwa imerudi shilingi 40.

Unaona kumbukumbu ilivyonifundisha vibaya? Ilisema kosa lilikuwa kununua. Daftari likasema kununua hakukuwa kosa la wazi, kwa sababu jambo lenye nafasi 3 kati ya 10 hutokea, na hofu yenyewe nilikuwa nimeiandika. Kosa lilikuwa kuuza kinyume na sharti nililojiwekea. Hata kama bei isingerudi, bado ningekuwa nimevunja sharti langu. Kurudi kwake kulikuwa bahati ambayo sikuwa nimeitabiri, kwa hiyo siwezi kujisifia kwamba ningejua.

Watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walichapisha jambo hili mwaka 1975. Kabla ya ziara za Rais Nixon za China na Muungano wa Sovieti mwaka 1972, waliwauliza wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea. Baadaye wakawataka wakumbuke makadirio yao. Kwa yale waliyodhani yametokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa nafasi kubwa kuliko walivyoandika kweli. Hao hawakuwa na shilingi moja mezani. Wewe mwenye pesa na fahari ya kulinda utapona wapi?

Namna ya kuandika ni ndogo ila ina mitego. Andika kabla ya kubonyeza kununua, kwa kalamu ya wino. Ukiandika jioni baada ya kununua, utakuwa unajitetea tayari. Usiandike "kampuni nzuri, ina mustakabali", kwa sababu maneno hayo yatakubaliana na matokeo yoyote: ikipanda ulijua, ikishuka "soko lilikuwa baya". Andika kitu kinachoweza kukuumbua: mgao utakuwa kiasi gani, kufikia lini, na nini kikitokea utakiri umekosea. Na weka nambari ya nafasi, hata ikikufanya uone aibu. "Huenda" yako ya leo si "huenda" yako ya mwakani. Ukibadilisha mawazo, andika ukurasa mpya wenye tarehe mpya. Wa zamani usiufute.

Ukija kupitia, soma ukurasa kwanza kabla ya kuangalia bei. Mimi hufunika hesabu na kipande cha katoni, nikajiuliza: kwa niliyoyajua siku ile, sababu hii ilikuwa na miguu? Nikishajibu ndipo nafunua. Utashangaa utakavyokuta sababu mbovu zilizoleta faida. Hizo ndizo hatari kuliko zote, kwa kuwa hakuna anayekaa kuchunguza faida.

Ila daftari lina mpaka wake. Ukurasa mmoja hauwezi kukuambia kama "3 kati ya 10" yangu ilikuwa sahihi. Kutokea mara moja hakuthibitishi chochote. Lazima zikusanyike nyingi. Mwaka juzi nilikaa na chai nikahesabu kila mahali nilipoandika nafasi hiyo. Zilikuwa 11, na kati ya hizo yaliyotokea yalikuwa sita. Hesabu ni ndogo bado, lakini inanitia shaka: nadhani mabaya huyapa nafasi ndogo kuliko inavyostahili, hasa ninapokuwa nimeshaitamani hisa. Siku hizi nikijikuta naandika 3, nasimama kidogo kabla ya wino kukauka, nikajiuliza nani ameniambia.

Ile hisa ya kampuni ya saruji uliyokuwa ukinisimulia kwa simu, kama bado hujainunua, andika ukurasa wake usiku huu. Jumapili ukija kula, njoo nao. Bei usiniambie, nataka kusoma sababu kwanza.

Mama yako