Imeili ya kazi haianzi na "tafadhali husika"

Swali: Shikamoo dada. Nipo Newala, nimefanya ukarani wa mizani Amcos misimu miwili ya korosho. Kuna maghala Mtwara mjini wanatafuta karani wa ghala, maombi kwa imeili. Mimi huwa naanza "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 25", sijawahi kujibiwa. Nianzeje bila kuonekana sina adabu?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hili la adabu linanichosha kweli, maana kila anayeniletea imeili yake anaamini hiyo "tafadhali husika" ndo heshima yenyewe. Heshima iko kwenye salamu, ukiandika "Ndugu Meneja" umemaliza.

Anayepokea maombi mara nyingi anayapitia kwenye simu, na kabla hajafungua anaona jina lako, kichwa cha imeili, na maneno machache ya mwanzo basi. Sasa yako inasomeka "Maombi ya kazi ya karani wa ghala. Tafadhali husika na kichwa cha habari..." halafu inakatika, yaani nafasi yote umeitumia kumwambia asome alichokwisha soma! Wengine ndo balaa, wanabandika barua nzima na anwani zake, kinachoonekana pale ni S.L.P. tu. Umri na uraia viache kwenye sivii.

Wewe anza hivi: "Nimekuwa karani wa mizani Amcos ya Newala kwa misimu miwili ya korosho, napima mzigo wa wakulima na kuandika stakabadhi, na naomba nafasi ya karani wa ghala mliyotangaza." Kazi uliyofanya imetangulia, kwa hiyo hata sentensi ikikatwa keshaona mizani na korosho, vitu anavyovitafuta. Kama ulikuwa pia unalinganisha daftari na mzigo unaotoka, sentensi ya pili iseme hivyo, ila kama hukufanya usiweke, kwenye intavyuu watakuuliza gunia likipungua kilo ulikuwa unafanyaje.

Na usije ukaitoa "tafadhali husika" ukaweka "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi kwenye presha". Ni yale yale. Jaribu kumpa rafiki yako sentensi hiyo, kama anaweza kuituma kwa jina lake bila kubadili neno, haikuhusu wewe. (Barua yenye sahihi yako ya kuombea kazi serikalini kupitia Ajira Portal ni kitu kingine, hiyo iache na muundo wake wa kiofisi.)

Ila hawa wa steshenari wanaouza "barua ya kazi iliyo tayari" jamani! Sentensi ile ile anauziwa kila anayeingia mlangoni, kwa hiyo mwajiri anaipokea mara tatu kutoka kwa watu watatu, na baya zaidi wanakutumia maombi kwa akaunti ya duka, wewe unasubiri simu, kumbe mwaliko wa intavyuu umerudi kwenye inboksi ya steshenari na hakuna wa kukutafuta. Tuma kwa imeili yako mwenyewe, na password uwe unaijua wewe, sio yule kijana wa kompyuta.