Gauni la kubandika kwenye picha ya machweo

"Nimembadilishia bibi harusi gauni kwenye picha ya machweo ya Mlima Simba, jua liko nyuma yake na yeye anaonekana kivuli tu. Nimelipunguza mwanga, bado linaonekana kama stika."

Kaka, aliyesema "lipake jeusi tii" amepatia nusu. Pima kwanza weusi wa nywele zake: vumbi la Dodoma jioni huinua giza, unaweza kukuta 25 badala ya 0. Kwenye Curves, inua ncha ya chini kushoto ifike hapo, kisha shusha ya juu kulia mpaka mng'ao wa studio kwenye mikunjo ufifie.

Halafu ule ukingo wa mwanga. Tabaka jipya, Screen, rangi uichote begani kwake, si njano ya kubuni. Pita upande wa jua tu, kwa unene uleule wa mstari wa mwanga ulio kwenye mkono wake. Satini hushika mstari mwembamba mkali. Shela hupitisha mwanga, kwa hiyo huwaka yote; hapo mimi mwenyewe bado nabahatisha.

Dada uliyeshauri flashi, hilo ni la wakati wa kupiga. Mwenzetu keshapiga, na gauni la kwanza lilishamwagikiwa soda.