Wastani umepita, je, tabaka la juu la lami lipokelewe?

"Wadau, niko Bagamoyo kwenye mradi mdogo wa barabara ya mjini. Mkandarasi kaleta ripoti ya tabaka la juu la lami: bitumeni 5.3%, msongamano 97.2%, unene milimita 51. Vyote ni wastani, chini kaandika 'imekubalika'. Mkaguzi wangu kagoma kusaini. Yuko sahihi au ananichelewesha tu?"

Mkuu, yuko sahihi. Kazi yako inaweza kuwa nzuri kabisa, ila kwa karatasi hiyo huwezi kujua. Dai matokeo ya kila kipande kilichokatwa barabarani: kituo chake, upande wake, unene wake na msongamano wake, vyote kwenye mstari mmoja. Mimi niko maabara za barabara huku Tanga, na kuna kazi moja tuliyoipima ambayo inaeleza mambo haya vizuri kuliko maneno matupu.

Mchanganyiko ulikuwa wa kokoto za hadi milimita 14, unene wa mkataba milimita 50. Bitumeni ya usanifu ilikuwa 5.2%, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 0.3. Msongamano wa sampuli za Marshall za siku hiyo, yaani zile zinazoshindiliwa maabara, ulikuwa 2.400. Mkataba ulitaka wastani wa barabarani usipungue 97% ya hapo, na kipande kimoja kimoja kisipungue 95%. Unene wa kipande usipungue milimita 45. Hayo masharti ya kipande kimoja kimoja ndiyo huwa yanasahaulika kwenye ripoti. Wewe soma ya mkataba wako, yanaweza kutofautiana na haya.

Vipande sita vya kazi ya siku moja vilitoka hivi:

1. mm 52, msongamano 2.345, sawa na 97.7%
2. mm 54, 2.338, 97.4%
3. mm 51, 2.351, 98.0%
4. mm 53, 2.330, 97.1%
5. mm 50, 2.342, 97.6%
6. mm 43, 2.262, 94.3%

Piga wastani: unene 50.5, msongamano 97.0%. Umepita! Na ndivyo ripoti ilivyoandikwa. Lakini cha sita kimeanguka mara mbili, kwenye unene na kwenye msongamano, na vitano vizuri vimekibeba mgongoni.

Sasa angalia maana yake kwa upande wa hewa. Mchanganyiko ule usipokuwa na hewa kabisa ndani yake, msongamano wake ulikuwa 2.500. Gawanya 2.262 kwa 2.500 unapata 90.5%, kwa hiyo hewa ni 9.5%. Vile vingine vilikuwa kati ya 6 na 7 hivi. Ukivuka kama 8%, vijinafasi vya hewa huanza kuungana, maji yanapata njia ya kupita, na bitumeni inazeeka haraka kwa sababu hewa inaifikia. Kwa mvua za masika za huku pwani, hapo ndipo kokoto zitaanza kung'oka. Tena hiyo 9.5 yenyewe ilikuwa ya huruma. Kipande chenye matundu kikitolewa kwenye maji ili kipimwe uzito wake hewani kikiwa kimelowa, maji huchuruzika kabla hakijafika kwenye mizani, na msongamano unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kipande kinachonyonya maji hivyo kinatakiwa kupakwa nta ya parafini kabla ya kuzamishwa.

Hapo hapo kwenye msongamano, ukiona 97% uliza ni asilimia ya nini. Ikiwa ni ya Marshall, bado kuna karibu 7% ya hewa, kwa sababu sampuli ya Marshall yenyewe ina kama 4%. Ikiwa ni ya ule usio na hewa kabisa, basi hewa ni 3% tu, na hiyo ni habari nyingine. Uliza pia Marshall ya lini. Kwenye kazi yetu rasimu ya kwanza ilitumia namba ya usanifu wa zamani, 2.372, na ghafla wastani ukawa 98.1% na kipande cha sita kikapanda hadi 95.4%. Barabara ile ile, kimebadilika kigawanyo tu.

Kwa nini kipande kile? Tatizo halikuwa kwenye mtambo. Sampuli za bitumeni zilitoa 5.1 na 5.3, na mchanganuo wa kokoto ulikuwa ndani ya mipaka. Kama bitumeni ingepungua, dalili zingejitokeza kwenye vipande vingi, si kimoja. Jibu lilikuwa kwenye ule unene wa 43: msingi chini yake ulikuwa na kinundu. Tabaka jembamba hupoa haraka, na kumbukumbu za siku ile zilionesha tipa lilichelewa, mashine ya kumwaga ikasimama palepale. Rola lilipofika, mchanganyiko ulikuwa umeshaanza kukakamaa.

Kuhusu bitumeni nitasema moja tu, maana kwa walio Tanga lina uzito. Ukipima kwa tanuri la kuchoma na mchanganyiko wako una mawe ya chokaa, sehemu ya jiwe nayo hupoteza uzito kwa joto lile, na tanuri linahesabu upotevu huo kama bitumeni. Lazima kuwe na namba ya marekebisho iliyopatikana kwa kokoto hizo hizo. Bila hiyo, 5.3 yako inaweza kuwa chini ya 5 na usijue.

Turudi kwenye uamuzi. Mkandarasi aliomba akate kipande kingine nusu mita pembeni, kichukue nafasi ya kile kibovu. Tulikataa. Kipande kilichochaguliwa kwa bahati nasibu kikishapimwa kinabaki kwenye ripoti. Vya nyongeza vinakatwa ili kujua ubovu umeanzia wapi na unaishia wapi, wala haviingizwi kwenye wastani. Cha sita kilikuwa kituo 14+380, yaani kilomita 14 na mita 380, njia ya kushoto. Mita 10 nyuma tulipata mm 47 na 95.8%. Mita 10 mbele mm 44 na 94.7%, nacho kimeanguka. Mita 20 mbele mm 49 na 97.1%.

Ripoti ikaandikwa hivi: kazi ya siku hiyo inakubaliwa, isipokuwa njia ya kushoto kuanzia 14+370 hadi 14+400, ambayo itakwanguliwa upana wote wa njia, kinundu cha msingi kisawazishwe, imwagwe upya na ipimwe peke yake. Vipande vitano vilivyobaki vilikuwa na wastani wa mm 52 na 97 na nusu, kwa hiyo hakuna aliyebishana. Kuchonga kiraka cha mita moja kuzunguka tundu hatukukubali, kwa kuwa rola halipati nafasi ya kushindilia humo.

Kwako, mkandarasi akileta karatasi na kila kipande kikakaa juu ya kiwango cha mkataba, saini siku hiyo hiyo. Kimoja kikianguka, usikatae kazi yote. Mwambie akate vya nyongeza mbele na nyuma kwa gharama zake, na hakikisha matundu yote yamejazwa lami ya moto na kushindiliwa. Ukiipata hiyo karatasi iweke hapa, futa jina la mradi, tuitazame pamoja.